Nyimbo Zisizojibika

Jumamosi ya kwanza ya ndoa yangu, saa nne asubuhi, mume wangu aliinuka mkekani akazima spika wimbo ukiwa katikati. Nikamuuliza kulikoni. Akasema amechoka kelele. Nikanyamaza, naye akanyamaza, tukabaki tunatazamana kama abiria wawili wasiojuana waliokaa kiti kimoja cha basi.

Tulikuwa tumefunga ndoa Ijumaa mchana, hapa Tabora. Usiku ule tukaingia kwenye vyumba viwili vya kupanga Kanyenye, vyenye ukuta wa pamoja na majirani wa kushoto, choo cha pamoja na majirani wote, na harufu ya rangi mpya. Jumatatu kabla ya alfajiri mimi nilitakiwa kupanda basi kurudi Dar es Salaam, maana tasnifu yangu ya uzamili haikuwa imeolewa. Yeye ni mwalimu, amepangiwa kazi huku. Kwa hiyo fungate yetu ilikuwa na siku mbili kamili, Jumamosi na Jumapili, na kwa siku hizo mbili rafiki zetu walikuwa wametuandalia zawadi: spika ndogo na orodha ya nyimbo 41 za kuchezwa ndani. Saa mbili na dakika 20 za mapenzi bila kupumzika. Walipigiana kura kwenye kundi la wasapu wiki nzima, na mshereheshaji akaikabidhi ukumbini kwa mbwembwe, watu wakapiga vigelegele.

Nawapenda rafiki zangu. Lakini nataka kusema wazi kwamba orodha ile ilikuwa zawadi mbaya, na kwamba orodha kama ile zinaharibu siku ambazo maharusi hawazipati tena.

Nilizisikiliza zote 41 baadaye, peke yangu, na daftari mkononi. Ukiondoa tatu, kila wimbo unasemwa na mtu mmoja kumwambia mwingine kwamba hawezi kuishi bila yeye. Anayeambiwa hasemi kitu. Hana jina, hana kazi, hana mama, hadaiwi. Anasifiwa macho, anasifiwa mwendo, anaahidiwa nyumba, lakini hakuna hata wimbo mmoja unaotaja kwamba nyumba ina kodi. Hakuna anayepika, hakuna anayefua. Ni nyimbo za kutongozea, na kazi hiyo wanaifanya vizuri sana. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa nimeshatongozwa, nikakubali, mahari ikatolewa, kadhi akaja. Kilichokuwa mbele yangu asubuhi ile kilikuwa mwanamume mwenye ndoo mbili tupu ambaye hajui kama mimi ndiye nachota maji au yeye.

Halafu kuna jambo la pili, ambalo wapanga orodha hawalifikirii. Wimbo wa mapenzi uliovuma haukuvuma kwenu tu. Wimbo ule aliouzima, namba 19 kwenye orodha, ulikuwa umevuma miaka minne kabla hatujajuana, na kwake ulikuwa na mtu ndani yake. Hakuniambia Jumamosi. Aliniambia Jumapili, na nitafika huko. Ninachosema hapa ni kwamba rafiki zetu, kwa nia njema kabisa, walituletea wageni 41 ndani ya chumba chenye watu wawili, na mmoja wa wageni hao mume wangu alikuwa anamfahamu.

Najua jibu la upande wa pili, kwa sababu shangazi zangu walishanipa kabla sijauliza. Watasema: ndiyo maana tuliwaambia, rudini kwenye asili. Zamani bwana na bibi harusi walikaa ndani siku saba, somo akawahudumia, na nyimbo walizosikia zilikuwa nyimbo za kufunda, nyimbo zenye maana. Siku hizi kila anayemaliza kozi ya utamaduni chuoni huandika makala ya kulilia kungwi. Mimi nami nimesoma, nami nilikuwa nataka kulia hivyohivyo, ila nilifundwa. Siku tatu kabla ya ndoa nilikaa chini na kanga kichwani nikaimbiwa.

Sitaandika niliyoimbiwa, si yangu kuyatoa. Nitasema yanavyokaa. Wanaoimba ni wengi, anayeimbiwa ni mmoja, na sheria ya kwanza ni kwamba mwali hajibu. Anainamisha uso. Nusu ya nyimbo zilinifundisha mwili, kwa ucheshi na bila aibu, na kwa hizo nashukuru hadi leo. Mtu anayefikiri unyago ni ukandamizaji mtupu akumbuke kwamba Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa mwalimu wa unyago, na hakuna aliyewahi kumwona akamhesabu mwanamke mnyonge. Lakini nusu ya pili ilikuwa na neno moja tu, limevaa nguo tofauti: vumilia. Akichelewa, vumilia. Akinuna, vumilia. Ya ndani yasitoke nje. Wakati huohuo, mtaa wa pili, mume wangu mtarajiwa alikuwa anakula pilau na vijana wenzake. Yeye hakuna aliyemwimbia kitu.

Kwa hiyo niliingia Kanyenye na mafundisho mawili. Rafiki zangu walinipa nyimbo ambazo mpendwa hajibu kwa sababu ni malaika. Shangazi zangu walinipa nyimbo ambazo mwali hajibu kwa sababu ni mwanafunzi. Wanafikiri wanapingana, kumbe wanakubaliana kwenye jambo kubwa kuliko yote, kwamba katika wimbo wa ndoa mmoja anasema na mwingine ananyamaza. Ndiyo maana aliposema amechoka kelele, mimi, mwenye shahada, ninayelipwa kuuliza maswali, nilinyamaza. Nilikuwa nimefundishwa vizuri.

Aliyetuokoa ni bibi yangu mzaa mama, na hakuja kutuokoa. Alikuja saa tisa alasiri kuleta karanga.

Alishuka kwenye bodaboda na kiroba cha karanga za maganda kutoka shambani kwake na mfuko wa michembe, akasimama mlangoni, akatazama chumba kizima, kisha akamgeukia mume wangu. "Mume wangu," akamwambia, "huyu mke mwenzangu umemleta kwenye nyumba gani hii isiyo na hata kinu?"

Kwa asiyejua, bibi kumwita mjukuu au mume wa mjukuu "mume wangu" ni utani wa kawaida kwetu. Lakini kwa mume wangu ulikuwa utani mara mbili, maana yeye ni Mzaramo na bibi ni Mnyamwezi. Watu wa pwani na Wanyamwezi ni watani, na utani huo umezaliwa barabarani. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka huku hadi Bagamoyo na kurudi, safari ya miezi kwa upande mmoja, na kabla ya kuiona bahari walipita kwenye vijiji vya watu wa pwani, Wazaramo wakiwamo. Mtu mwenye mzigo wa frasila mbili, kama kilo 32, begani mwake, akiwa mbali na ukoo wake, anahitaji maji, anahitaji pa kulala, na akifa anahitaji wa kumzika. Hana undugu pale. Utani ukawa ndio undugu. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kitu mkononi, kucheka kwenye msiba wako, na kwa sababu hiyohiyo hawezi kukukatalia maji. Haki ya kusema neno kali inakwenda pamoja na wajibu wa kusaidia. Tena utani una sharti ambalo kila mtani analijua: ukitaniwa, ujibu. Asiyejibu ameuvunja.

Mume wangu akajibu. "Bibi, kinu kipo pwani. Nilisubiri Wanyamwezi waje kukibeba, hawakutokea."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza chumba kile kusikia kicheko.

Tukamwagia karanga kwenye ungo, tukaanza kumenya watu watatu. Bibi akauliza fungate yetu ni ya siku ngapi. Nikamwambia mbili, Jumatatu naondoka. Akatikisa kichwa. "Hiyo si fungate," akasema. "Hiyo ni ibili." Ilinichukua muda kuelewa. Kinyamwezi ibili ni mbili, na saba ni mpungati. Fungate, neno ambalo nilidhani ni la Waswahili wa pwani na udi wao, ni ndugu wa neno la bibi la kuhesabia karanga. Linamaanisha saba tu, siku saba. Mume wangu naye akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa gharama za harusi ilivyokuwa, kweli ni bili. Tukacheka tena.

Kisha bibi akaanza kuimba, kama anavyoimba kila anapomenya kitu. Kinyamwezi changu ni cha kusalimia na kununulia nyanya, kwa hiyo sikuyapata maneno yote, na hata ningeyapata nisingeyaandika hapa. Nilichokipata ni muundo, kwa sababu haukuniacha nikae nje yake. Yeye alitoa mstari, akasubiri. Kiitikio kilikuwa maneno matatu yasiyobadilika. Mara ya kwanza tuliitikia kwa kubahatisha. Mara ya tano mikono yetu mitatu ilikuwa inavunja maganda kwa pigo moja.

Hapa ndipo wapanga orodha wanapokosea kwa namna ya kiufundi kabisa, na naomba mnivumilie nieleze. Katika wimbo wa kuitikiana, mstari wa mtoaji ni huru, unaweza kuwa mrefu, mfupi, wa zamani au wa kubuni papo hapo. Kiitikio kimefungwa. Hakibadiliki maneno wala urefu. Watu hudhani mtoaji ndiye mwenye wimbo, kumbe mwenye mwendo ni waitikiaji, kwa sababu kiitikio ndicho kinachoangukia kwenye kazi, ganda likivunjika au mchi ukishuka. Wakati wanaitikia, mtoaji anapata vitu viwili asivyoweza kuvipata akiimba peke yake. Anapata pumzi, na anapata muda wa kufikiri atakachosema baadaye. Na asipoitikiwa, wimbo unakufa palepale. Hawezi kuuendesha peke yake kwa ubabe. Wasafiri wa Kizungu waliopita njia hii waliandika mara nyingi kuhusu wapagazi walivyoimba kambini na njiani kwa mtindo huu. Waandishi wengine walidhani ni uchangamfu wa asili wa mtu mweusi. Upuuzi. Mtu mwenye kilo 32 begani haimbi kwa sababu ana furaha, anaimba ili mguu wake ujue mguu wa mwenzake uko wapi.

Na kulikuwa na wanawake kwenye misafara ile. Wake za wapagazi walitembea na waume zao, wengine na masufuria na vyakula kichwani, wengine na watoto mgongoni. Nikiwaza kuhusu wale maharusi ambao maisha yao ya pamoja yalianzia njiani, hapa Tabora hadi Ujiji au Tabora hadi pwani, naona walikuwa na kitu nilichokikosa asubuhi ile. Walikuwa na wimbo ambao haukuwauliza kama wanapendana. Uliwauliza kama wako pamoja, na wakatakiwa kujibu kwa sauti.

Bibi aliondoka kabla ya magharibi. Nusu ya kiroba ilikuwa bado. Saa mbili usiku umeme ukakatika, maana yuniti za LUKU zilikuwa zimekwisha na hakuna kati yetu aliyekuwa amekumbuka kununua. Kila mmoja alidhani ni kazi ya mwingine. Spika nayo ilikuwa imeisha chaji. Tukawasha taa ya simu, tukaendelea kumenya, na kwa kuwa ukimya wa asubuhi ulikuwa unatuvizia pembeni, mume wangu akaanza kuimba. Hakuimba Kinyamwezi wala Kizaramo. Aliimba upuuzi wa papo kwa papo, kwa sauti ya bibi:

"Nani kasahau umeme?"

Nikaitikia: "Sote wawili."

"Nani kamaliza sukari?"

"Sote wawili."

Tulikwenda hivyo robo saa. Kisha akabadilisha, akatoa: "Mshahara umeingia." Mimi, bila kufikiri, nikaitikia: "Umekwenda wapi?"

Angalieni kilichotokea, kwa sababu ndicho ninachokipigania. Kiitikio changu kilikuwa swali, na kiitikio hakibadiliki. Kwa hiyo kila mstari wake mpya ulilazimika kuwa jibu. Akaimba bodi ya mikopo, inayokata asilimia 15 kabla hajauona. Umekwenda wapi? Akaimba kodi ya nyumba. Umekwenda wapi? Akaimba mkopo wa pikipiki. Umekwenda wapi? Akakawia pigo moja, akavunja karanga, akaimba kwamba shilingi 80,000 kila mwezi zinakwenda kwa mdogo wake wa kike aliyeko chuoni, tangu mwaka jana, na kwamba bado miaka miwili.

Sikuwa najua. Katika mipango yetu yote ya bajeti, kwenye daftari lenye mistari tuliyoichora kwa rula, 80,000 hizo hazikuwepo. Angeniambia kwa maneno ya kawaida ningeuliza mara moja kwa nini hakuniambia kabla, naye angejitetea, nasi tungekuwa na ugomvi wetu wa kwanza gizani. Lakini zamu yangu ilikuwa ya kuitikia, na kiitikio kilikuwa kinajulikana. Nikasema "umekwenda wapi?" kwa sauti ya chini zaidi, na mikono ikaendelea. Nilipata pumzi na muda, kama mtoaji. Karanga kumi baadaye ndipo nikauliza vizuri, naye akajibu vizuri. Mdogo wake hana baba. Alikuwa anaona aibu, si kwa kumsaidia, bali kwa kuonekana ameoa na mzigo.

Halafu akaniambia, "Zamu yako toa."

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba jambo hili lina mpaka, na sitaki kuwauzia kama dawa. Nilitoa mistari miwili mitatu ya mzaha, kisha nikaimba nililokuwa nimelificha mimi: kwamba nimeomba nafasi ya kufanya kazi ya utafiti Dar mwaka mmoja zaidi baada ya kumaliza, na jibu linakuja mwezi ujao. Nikasubiri. Kiitikio hakikuja. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo. Nilisikia jirani anafunga mlango. Wimbo ulikufa palepale, kama nilivyosema unavyokufa.

Lakini hata kufa kwake kulikuwa na faida ambayo spika haina. Niliujua ukweli saa ileile. Kwenye wimbo uliorekodiwa, mwenzako anaweza kuwa amekufa moyo pembeni yako na wimbo ukaendelea kuchekelea hadi dakika ya nne. Kwenye kuitikiana, jibu likifupika unalisikia, likichelewa unalisikia, lisipokuja unajua umefika mahali pa kuacha kuimba na kuanza kuongea, au kuacha kuongea na kulala. Sisi tulilala. Watani nao wana sheria hiyo: mtani akiacha kucheka, unaacha. Anayeendelea hapo hatanii tena, anatukana.

Jumapili asubuhi alikwenda kununua umeme bila kuambiwa. Aliporudi alichaji spika, na badala ya ile orodha akatafuta kwenye simu muziki wa dansi. Baba yake alikuwa mpenzi wa bendi, na sisi wa Tabora tuna urithi wetu humo, Tabora Jazz ya akina Shem Karenga na mtindo wao wa Segere Matata, na Nyanyembe Jazz, bendi mbili za mji huu ambazo Redio Tanzania ilizifikisha kila kijiji. Nazitaja kwa sababu nataka kuwa wa haki: si kila wimbo uliorekodiwa ni takataka kwa maharusi. Wimbo wa dansi ni mrefu. Nusu ya kwanza inakwenda polepole ikisimulia shauri la nyumbani, nani kamwacha nani, nani kamtuma nani barua, kisha magitaa yanachangamka na maneno yanapungua, chemko linaingia, mnainuka mnacheza. Yaani mnasikiliza kesi kwanza, mkiwa mmekaa, halafu mnapewa muda mrefu wa kucheza ambao pia unaweza kutumika kuijadili.

Alicheza "Mume Wangu Jerry" ya Mlimani Park. Jina lenyewe linaonyesha anayesema ni mke, na wanaoimba ni wanaume watupu. Nilimuuliza kama anaona si ajabu wanaume kusema maneno ya mke. Akasema labda ndiyo namna pekee waliyoijua ya kuyasikia. Kisha, chemko likiendelea, akiwa amesimama karibu na dirisha na mgongo kwangu, akaniambia habari za wimbo namba 19, na ule mtu wa ndani yake, na kwamba yule alikwenda Dar kwa mwaka mmoja wa kazi.

Basi nikaelewa kwa nini kiitikio hakikuja.

Tuliongea hadi adhuhuri. Hatukumaliza na sitadai kwamba tulimaliza. Tulichokubaliana ni kidogo. Jibu la ile nafasi likija tutalisoma tukiwa wote wawili kwenye simu, na 80,000 zinaandikwa kwenye daftari kwa kalamu, si kwa penseli. Jioni tulimaliza karanga. Aliitikia.

Nasikia mtu akisema: haya, ninyi mlikuwa na bibi, mlikuwa na utani, mlikuwa na karanga. Sisi tumeolewa Mikocheni, bibi yuko kwenye simu. Nakubali kwamba si kila mtu ana mtani wa kuoana naye, na nyimbo za kazi za wazee wetu zinaondoka pamoja na kazi zenyewe. Mashine ya kukoboa haiitikiwi. Lakini sisemi mrudishe kinu. Wimbo wa "Sote wawili" hatukuurithi kwa mtu, tuliutunga gizani kwa sababu umeme ulikatika. Unahitaji kazi moja ya mikono inayochukua nusu saa na inayofanywa na watu wawili waliokaa karibu, kumenya, kupeta, kukunja nguo, kusugua masufuria ya harusi yaliyoungua. Unahitaji kiitikio kifupi ambacho hata mwenye hasira anaweza kukisema, na kikiwa swali ni bora. Na unahitaji kubadilishana zamu, bila hivyo mtakuwa mmeanzisha unyago mwingine wa mtu mmoja kuimbiwa.

Ninachokikataa ni kile tunachokifanya sasa, sisi vijana tunaojiona tumeachana na kungwi. Tunachangishana kwenye kamati, tunalipa ukumbi, tunalipa mshereheshaji, tunafanya sendofu na kicheni pati, kila tukio na nyimbo zake, halafu mlango wa nyumba ukifungwa tunawaachia maharusi sauti za watu wengine zilizokwisha kulipwa, ziwasemee. Tumeipunguza fungate kutoka siku saba hadi mbili, na hizo mbili tumezijaza hadi hakuna pa kuingiza neno. Shangazi zetu walituamuru kunyamaza. Sisi tunanyamazishana kwa zawadi.

Jumatatu saa kumi alfajiri alinisindikiza stendi. Njiani tulipita miembe, na kama kila mtu wa Tabora nilimwambia kwamba miembe ya mji huu ni alama ya njia ya misafara. Akasema anajua, ameshaambiwa na Wanyamwezi 300 tangu ahamie. Nikapanda basi.

Harusi inayofuata kwenye kundi letu ni mwezi wa nane. Wameshaanza kupiga kura za nyimbo. Mimi nimeahidi kiroba cha karanga, za maganda.